Mdomo Kiswahili, Ukuta Kiingereza

Hebu mwone anavyoingia. Kwanza unalisikia goti, kisha ndipo unamwona mwenyewe. Goti la kushoto hilo, linalia kama mlango wa stoo, na nyuma yake anafuata mwanamume wa miaka hamsini na saba, mwembamba, ovaroli ya bluu ameivua nusu na kuifunga mikono yake kiunoni. Begani ana mkoba wa spana. Ndani ya mkoba, katikati ya bisibisi na kopo la grisi, kuna laptopu iliyoviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Anaingia dukani bila kubisha, anavuta kiti cha plastiki, anaketi kwa awamu tatu, halafu anasema, "Shem, niokoe."

Watu wanamwita Ghorofa. Ni fundi wa lifti, mwaka wa thelathini na moja huu, na ukimpigia simu kumuuliza yuko wapi, jibu halibadiliki: niko ghorofa ya nane, niko ghorofa ya kumi na mbili. Yeye mwenyewe anaishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, na majirani hawajachoka kumcheka.

Anayeombwa uokovu ni mdogo wa mkewe. Ana duka la kuchapa na kutoa kopi, mlango mmoja, mashine tatu, na feni inayofanya kazi siku inapojisikia. Kabla ya duka alikuwa katibu muhtasi kwa miaka kumi na tano, akiwaandalia slaidi mabosi ambao hawakujua hata projekta inawashiwa wapi. Aliacha ile kazi akiwa na mgongo mbovu na ulimi mzuri sana.

"Nikuokoe na nini? Dada yangu kakufukuza?"

"Bado. Nimepewa hotuba."

"Wewe? Kwani nani kafa?"

Hakuna aliyekufa, ingawa ilikaribia. Mwezi uliopita, kwenye jengo moja refu la ofisi, lifti ilisimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba ikiwa na mhasibu mmoja ndani. Badala ya kumsubiri fundi, mlinzi alichukua ufunguo wa pembetatu, ule unaofungua milango ya lifti kwa nje, akafungua. Mhasibu akaona mwanga, akaruka. Tatizo la kuruka kutoka kwenye lifti iliyokwama katikati ni kwamba sakafu ya lifti iko juu, sakafu ya ghorofa iko chini, na chini ya lifti kuna uwazi unaotazama moja kwa moja kwenye shimo. Mhasibu alitua, akateleza nyuma, akadakwa kola. Kiatu kimoja hakikudakwa. Ghorofa ndiye aliyekikuta chini kabisa, kimepasuka soli, karibu na springi za kupokea lifti, na akakaa pale shimoni dakika nzima akikitazama, kwa sababu kiatu kile kingeweza kuwa na mguu ndani.

Kwa hiyo kampuni ya lifti iliahidi semina. Jumamosi saa nne asubuhi, nusu saa, chini kwenye ukumbi wa jengo lenyewe. Nusu ya watakaokuja ni walinzi, wasafishaji na wahudumu. Nusu nyingine ni wasimamizi wa ofisi zilizopanga mle, na kati yao wageni kadhaa waliohamishiwa kikazi ambao Kiswahili chao hakijavuka "asante". Meneja wa kampuni akasema hotuba iwe nusu Kiswahili nusu Kiingereza, slaidi lugha mbili, na mzungumzaji awe Ghorofa.

"Si kwa sababu najua kuzungumza," Ghorofa alieleza. "Mwalimu wa usalama kaacha kazi. Meneja kasema tuone Jumamosi. Ikienda vizuri, kile cheo ni changu."

"Na isipoenda vizuri?"

Ghorofa aligusa goti. Daktari alikuwa amemwambia wazi: ngazi za shimoni basi. Na kampuni haikuwa na kazi nyingine ya fundi asiyepanda ngazi, isipokuwa barua ya shukrani na kipande cha keki. Cheo cha ualimu ndicho kilichokuwa kimebaki kati yake na keki ile.

Shemeji alilitazama lile goti. Alifuta mikono, akasogeza kiti.

"Fungua nione ulichofanya."

Ghorofa akafungua. Ilichukua muda, maana laptopu ile ni ya kampuni na inawaka kama mtu mvivu anavyoamka. Slaidi hamsini na nane. Shemeji alizipitisha moja moja, miwani imemshuka puani.

Kila slaidi ilikuwa imegawanywa katikati. Kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza, sentensi nzimanzima, na kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu, upande wa kushoto ulikuwa umefurika hadi mashine ikaanza kupunguza herufi yenyewe ili zienee. Kulia herufi zilikuwa za kawaida. Kushoto zilikuwa sisimizi. Tena kila neno la Kiswahili lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu chini.

"Hii mistari ni nini?" aliuliza Ghorofa. "Tangu juzi inaniudhi. Kila ninachoandika inaniambia nimekosea."

"Mashine inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Haijaambiwa kwamba hii ni lugha ya watu." Shemeji aliteua maandishi yote ya Kiswahili, akaingia mahali fulani, akabadilisha lugha ya kusahihishia. Mistari ikapotea. Ghorofa alivuta pumzi kama mtu aliyefutiwa kesi.

"Sasa niambie. Hizi utazisemaje?"

"Nasoma Kiswahili, halafu nasoma Kiingereza, halafu naenda inayofuata."

"Hebu anza."

Alianza. Shemeji alitazama saa ya ukutani. Ghorofa alifika slaidi ya tisa, koo limemkauka, dakika ishirini zimekwisha.

"Kwa mwendo huo," Shemeji alisema, "utamaliza saa sita na robo. Wasafishaji watakuwa wameshafagia ukumbi na wewe ndani."

"Lakini meneja kasema lugha mbili."

"Kasema lugha mbili, hajasema kila slaidi uisome mara mbili. Sikiliza, shemeji yangu. Mtu ana macho na ana masikio. Ukisema Kiswahili na ukuta nao ukasema Kiswahili, mgeni pale kaachwa kituoni. Ukisema Kiingereza na ukutani Kiingereza, msafishaji anaanza kuhesabu taa za dari. Sasa wewe fanya hivi. Nusu ya kwanza, mdomo Kiswahili, ukuta Kiingereza. Nusu ya pili unageuza. Kila mtu, dakika zote, ana mahali pa kushika."

Ghorofa alifikiri. Kwa fundi, wazo zuri ni lile unaloweza kuliona likizunguka, na hili aliliona. "Kama uzito wa kusawazisha," alisema. "Lifti ikipanda, chuma kinashuka."

"Sijui chuma chako. Lakini ndiyo."

Wakaanza kukata. Hamsini na nane zikawa thelathini, thelathini zikawa kumi na sita: nane za Kiingereza kwa nusu ya kwanza, nane za Kiswahili kwa nusu ya pili, mambo nane yale yale yakirudiwa kwa kifupi ili yakae kichwani. Shemeji aliweka sheria kama mwenye nyumba. Herufi hazishuki chini ya ishirini na nane. Hakuna sentensi inayozidi mistari miwili. Picha moja haichorwi mara mbili: mchoro wa lifti iliyokwama uwekwe majina ya lugha zote mbili, Kiswahili juu kwa bluu, Kiingereza chini kwa kijani, na mpangilio huo usibadilike hata mara moja, mtu asije akatafuta lugha yake kama anayetafuta miwani. Sanduku la Kiswahili litengenezwe kwanza, kwa kuwa ndilo kubwa. Kiingereza kitaenea tu mle ndani.

"Na maelezo mengine yote niyaweke wapi? Yale niliyofuta?"

"Huku chini kwenye madokezo, unayaona wewe tu. Na mengine kichwani. Ndiyo maana wamekuita wewe, hawakuita karatasi."

Siku ya pili mambo yalikwenda vizuri, na ya tatu pia. Kiingereza cha Ghorofa kilikuwa na historia yake. Hakukipata darasani, alikipata kwenye vitabu vya mashine. Kwa hiyo anajua kuamrisha: kaza, legeza, zima umeme, usiguse. Hajui kabisa kusema samahani kwa usumbufu. Shemeji alipomfanyisha mazoezi ya nusu ya pili alicheka hadi akaegemea mashine ya kopi.

"Shemeji, unawaongelesha kama nati."

"Nati zinanielewa."

Jumatano jioni Shemeji alichapa kila kitu, slaidi ya Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza kwenye karatasi moja, ahakikishe jozi zinaoana. Alikuwa akizipiga tiki kwa kalamu nyekundu, tiki, tiki, tiki, mpaka akafika jozi ya sita. Kalamu ikasimama.

"Hii uliandika mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Alimsomea. Kiswahili kilisema: *Mlinzi, ukifungua mlango bila fundi utaua mtu. Kosa litakuwa lako.* Kiingereza, ukikiweka kwa Kiswahili, kilisema kwamba uongozi, pale utakapoona inafaa, unaweza kufikiria kupitia upya utaratibu wa utunzaji wa funguo.

"Jozi gani hii?" Shemeji aliuliza. "Huyu kavaa gwanda, huyu kavaa tai. Hata hawajuani."

"Ni kitu kile kile."

"Si kitu kile kile. Huku mtu anaua. Huku mtu anafikiria."

Ghorofa alijikuna shingo. "Kiingereza ni lugha ya adabu, Shem. Nimekitoa kwenye barua za meneja."

"Na Kiswahili ni lugha ya kugombezea watu?"

Feni ilizunguka mara mbili, ikaacha. Shemeji aliweka kalamu chini.

"Nani alimwambia yule mlinzi afungue?"

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Ghorofa alijua. Yule mlinzi, mama mmoja mpana mwenye sauti ya upole, alikuwa amemweleza siku ile ile, tena likaandikwa kwenye daftari la zamu: msimamizi wa jengo alipiga simu akasema mtoe huyo haraka, tuna wageni wanakuja. Mama akasema fundi hajafika. Akaambiwa ufunguo si unao? Na kweli alikuwa nao, kwa sababu msimamizi huyo huyo ndiye aliyeutundika kwenye msumari wa chumba cha walinzi, kinyume cha utaratibu. Walinzi wanamwita Bwana Jengo, kwa jinsi anavyotembea mle ndani kama aliyelizaa. Jumamosi Bwana Jengo atakaa mstari wa mbele, na kampuni ya lifti inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji.

"Kwa hiyo," Shemeji alisema taratibu, "mama wa watu unamwambia ataua. Aliyemtuma unamwambia afikirie akipenda. Halafu jiangalie ulipo. Mdomo Kiswahili, ukuta Kiingereza, vyote kwa wakati mmoja. Unadhani walinzi hawajui kusoma Kiingereza? Wanasoma majina ya makampuni yote mle ndani kutwa nzima. Unadhani Bwana Jengo hajui Kiswahili? Nyumbani kwake anagombana kwa lugha gani? Watakuona mchana kweupe una nyuso mbili, moja usoni, moja ukutani."

Ghorofa alizisoma tena zile sentensi mbili. Alikuwa amegawanya hofu yake kwa lugha bila kujijua: mkali kwa asiowaogopa, mlaini kwa anaowaogopa. Jambo hilo halikumfurahisha. Lakini pia lilikuwepo goti, na keki.

"Nikiandika ukweli kwa Kiingereza, sipati kazi."

"Labda. Basi ufute wa Kiswahili pia, walau uwe mwoga wa haki."

Alicheka bila kutaka. Halafu akavuta laptopu, akafuta pande zote mbili, akaandika upya, kwanza Kiswahili: *Ufunguo wa pembetatu unashikwa na fundi tu. Anayemwamuru mlinzi afungue, kosa ni lake.* Kiingereza chake kikatoka vivyo hivyo, kifupi, kikavu, kama kilichochapwa kwenye ubavu wa mota. Shemeji aliisoma jozi, akapiga tiki.

Alhamisi Ghorofa alituma faili kwa meneja, kama alivyoagizwa. Meneja akajibu kwa neno moja, kwamba ataipitia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walinzi walikaa nyuma, kofia magotini. Wasafishaji katikati. Mbele, viti vya kitambaa: wasimamizi wa ofisi, wageni watano sita, Bwana Jengo mwenye suti ya kijivu, na meneja wa lifti akiwa na kikombe cha kahawa alichokishika kama kombe alilolishinda. Kompyuta ya ukumbi ilikuwa tayari imewashwa, slaidi ya kwanza iko ukutani.

"Nimekuwekea mwenyewe," meneja alimwambia. "Nimelainisha hapa na pale. Kiingereza tu. Kiswahili chako kiko sawa."

Ghorofa alitaka kuuliza amelainisha wapi, lakini mshereheshaji alikuwa ameshamtaja. Shemeji alikuwa amekaa pembeni, karibu na kompyuta, kwa kisingizio kwamba yeye ni fundi wa mitambo. Hakuna aliyemuuliza. Mwanamke mwenye miwani na daftari haulizwi ukumbini.

Alianza. Alikuwa amefundishwa asiwape watu mgongo, kwa hiyo aliutazama umati na kuuacha ukuta uende na rimoti. Aliwaambia kwamba mtu aliyekwama ndani ya lifti yuko salama kuliko anavyodhani, kwamba hewa inaingia, kwamba kamba ni nyingi na moja pekee ingeweza kubeba lile sanduku na kila aliyemo. Aliwaambia habari ya kiatu. Wasafishaji waliguna. Wageni walisoma ukutani, wakamwangalia, wakasoma tena, wakatikisa kichwa mahali panapofaa. Mtambo ulikuwa unazunguka, na hata goti lilinyamaza.

Akabonyeza ya sita.

"Ufunguo wa pembetatu," alisema, "unashikwa na fundi tu. Na mtu yeyote, awe na cheo gani, anayemwamuru mlinzi afungue mlango, kosa ni lake. Si la mlinzi."

Kicheko kilianzia nyuma. Kilianza kwa pua, mtu mmoja, kikasambaa mstari mzima. Ghorofa alidhani amesahau kufunga zipu. Alijikagua kwa jicho moja, zipu ilikuwa imefungwa. Ndipo mama mlinzi, yule yule, aliponyoosha mkono.

"Fundi, samahani baba. Wewe unasema kosa ni la aliyeamuru. Huko nyuma yako wanasema tukio lilitokana na mlinzi kukosa mafunzo, na wanaushukuru uongozi wa jengo kwa kuchukua hatua haraka. Sasa mimi nifuate mdomo au nifuate ukuta?"

Ghorofa aligeuka. Maandishi ya kijani, makubwa, mazuri, hata yalikuwa na picha ya watu wawili wakipeana mikono. Kila neno alilolitaja yule mama lilikuwepo.

Watu walisogea mbele vitini kwa furaha. Meneja alizama kwenye kahawa. Bwana Jengo alikuwa akiutazama ukuta kwa kuridhika, halafu taratibu, kama mtu anayefanya hesabu, akamtazama Ghorofa: alikuwa ameyasikia yale ya Kiswahili vizuri kabisa. Wageni walimgeukia mwenzao mmoja anayejua lugha kidogo, naye akawanong'oneza, na macho yao yakapanuka.

Angeweza kusema ameteleza ulimi. Njia hiyo ilikuwepo, pana, ina taa. Aliiangalia.

"Mama," alisema mwishowe, "fuata mdomo. Mdomo ni wangu. Huo ukuta sijauandika mimi."

Akamtazama Shemeji. Shemeji hakusubiri aombwe. Alibonyeza kitufe kimoja na ukuta wote ukawa mweusi. Ghorofa akamalizia ya sita, ya saba na ya nane bila slaidi. Alisema Kiswahili, kisha kwa ajili ya wageni akarudia kwa Kiingereza chake cha vitabu vya mashine. Mlinzi, ufunguo: hapana. Msimamizi, amri: hapana. Ongea na aliyekwama. Ita fundi. Ngoja. Ilikuwa kama kusikiliza kibandiko cha tahadhari kikipewa sauti, na hakuna mgeni aliyeandika kitu kingine zaidi ya hayo kwenye daftari lake.

Kisha ikafika nusu ya pili, ya kugeuza. Shemeji akawasha ukuta tena. Ghorofa alikunja uso akisubiri mengine, lakini kumbe meneja alikuwa hajazigusa slaidi za Kiswahili hata moja. Alizipita tu, kwa imani kwamba watu wa maana hawasomi zile. Kwa hiyo ya kumi na nne ilipopanda, Ghorofa akaisema kwa Kiingereza na ukuta ukaisema kwa Kiswahili, herufi za ukubwa wa kiganja: *Anayemwamuru mlinzi afungue, kosa ni lake.* Safari hii mdomo na ukuta vilikuwa ndugu wa damu, na Bwana Jengo akayasoma hadi nukta.

Alinyoosha mkono. Watu walishika viti.

"Sasa fundi," alisema, na alisema kwa Kiswahili, kile cha nyumbani. "Mimi napigiwa simu. Mtu yuko ndani anapiga kelele, bosi wake yuko juu anapiga kelele, mgeni yuko chini ananitazama. Niseme nini? Maana kufikiri kwenyewe hakuna."

Lilikuwa swali la kweli, na Ghorofa aliliheshimu. "Sema hivi, mzee: uko salama, hewa ipo, fundi yuko njiani. Halafu kaa chini."

"Basi?"

"Basi. Kukaa ndiyo sehemu ngumu."

Walinzi walicheka, na Bwana Jengo mwenyewe akacheka kidogo kupitia puani, akaandika. Walipotoka alisimama na mama mlinzi mlangoni. Hakuna aliyesikia walichozungumza, ila mama alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa pembetatu, akamkabidhi Ghorofa mkononi, Bwana Jengo akiangalia viatu vyake mwenyewe.

Ghorofa alirudi nyumbani akiwa na hakika ya keki. Jumapili nzima hakula vizuri, na mkewe alichoka kumuuliza.

Jumatatu meneja alimwita.

"Ulinitia aibu," alianza. "Nataka ujue hilo."

"Nalijua, bosi."

"Lakini Bwana Jengo kanipigia. Anataka uende kwenye majengo yake mengine mawili. Anasema ni mara ya kwanza kuelewa chochote kwenye semina. Kwa hiyo." Alisukuma karatasi mezani. Ilikuwa barua ya cheo, mwalimu wa usalama, jina lake limechapwa, bado sahihi ya meneja tu. "Nitasaini leo mchana. Kuna jambo moja dogo."

Jambo dogo lilikuwa hili. Zile slaidi zitatumwa kwenye majengo yote thelathini ya kampuni, zisomwe bila mzungumzaji. Zikatwe faili mbili. Ya Kiswahili ibandikwe vyumba vya walinzi na wasafishaji. Ya Kiingereza iende kwa barua pepe kwenye ofisi za wasimamizi.

"Kiswahili tuma chako," meneja alisema. "Kiingereza tuma changu. Ukumbini kosa letu lilikuwa kuwaweka watu chumba kimoja. Sasa kila mtu atasoma lake kwake, hakuna wa kucheka. Wewe ndiye utakayetuma, jina lako ndilo la mwalimu. Kabla ya mchana."

Ghorofa alishuka ngazi, goti likilia kila hatua, akaenda dukani. Shemeji alimwona usoni, akaacha alichokuwa akikata. Alisimuliwa yote. Alichomeka laptopu kwenye umeme, akamwachia kiti.

"Hapa mimi sikusaidii, shemeji yangu," alisema. "Goti si langu."

Faili ziko mbele yake sasa. Ya Kiswahili ameshaiambatanisha, hiyo haina mgogoro. Chini yake kuna mbili za Kiingereza, jina lile lile, tofauti ni tarehe. Moja inamwambia msimamizi wa jengo la mbali, ambaye hatamwona maisha yake, kwamba akimwamuru mlinzi afungue, kosa ni lake. Nyingine inampa mkono na kumshukuru. Walinzi wa majengo thelathini watakuwa na ukweli wao ukutani. Simu ya kuwaambia "mtoe haraka" itatoka kwa mtu aliyesoma jambo jingine. Barua ya cheo iko mezani kwa meneja, kalamu juu yake. Saa ya ukutani inaonyesha saa tano na dakika arobaini.

Ghorofa amenyoosha mguu wa kushoto chini ya meza, kidole kiko juu ya kipanya. Nawe ungekuwa umekaa kwenye kile kiti cha plastiki, na goti lile likiwa lako, ungeambatanisha ipi?